Nyasi Mbichi Nyumbani kwa Sia

Tangu meli aliyoitumikia isimamishwe na yeye kustaafu, mzee Thobias alikuwa mtu wa barazani. Miaka mingi aliishi ndani ya chumba cha injini, akipaka grisi na kusikiliza vyuma, kisha akarudi nyumbani kwake mtaa wa Kasingirima akiwa hana cha kusikiliza. Mkewe, Marcelina, alimwona anavyonyamaza siku hadi siku.

Mwezi wa tano akaja Sia, nesi jirani yao, kuaga. Mama yake huko Rombo alikuwa amevunjika nyonga, naye amepata ruhusa ndefu ya kwenda kumuuguza.

"Mama, naomba mnitupie jicho tu pale kwangu," alisema akimkabidhi Marcelina ufunguo.

"Jicho halitoshi," Thobias alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Nyumba isiyotumika huharibika upesi. Tuachie na namba ya fundi wako wa bomba."

Marcelina akageuka kumtazama. Wiki nzima mumewe hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho.

Wakawa wanakwenda pamoja kila Jumamosi asubuhi. Marcelina alifungua madirisha hewa ipite, akaanika magodoro, akamwaga maji chooni na kwenye tundu la bafu la wageni, maana tundu hilo likikauka harufu ya shimo hupanda ndani na mende hufuata njia hiyo hiyo. Thobias alimulika fremu za milango akitafuta udongo wa mchwa, akatazama dari kama ina doa, akafungua kila bomba kidogo ili maji yasilale humo. Friji waliizima, wakaiacha mlango wazi. Nyasi za uani alizifyeka mwenyewe, na kazi hiyo aliionea fahari.

Mwezi wa saba, kiangazi kimeshika na vumbi limetanda hadi kwenye majani ya michikichi, Marcelina alisimama uani, nyuma ya jiko la Sia, akamwita mumewe.

"Baba Yunisi, hapa si ulifyeka juzi?"

"Nilifyeka. Zimeota tena."

"Ua mzima umekauka. Hizi peke yake zinakunywa wapi?"

Thobias alichuchumaa, akabonyeza udongo kwa kidole, kidole kikazama. Wakaingia ndani, wakasogeza kabati la vyombo. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa imevimba karibu na sakafu, na saruji ilikuwa baridi, ina unyevu.

Alitoka hadi kwenye mita ya maji. Ndani ya nyumba hakukuwa na mtu wala bomba lililofunguliwa, lakini kile kigurudumu kidogo kinachoonyesha kuwa maji yanapita kilikuwa kinazunguka taratibu. Akafunga koki pale bomba linapoingia nyumbani. Kikaendelea kuzunguka. Basi maji yalikuwa yanapotelea ardhini, kati ya mita na ukuta. Akafunga koki ya kwenye mita, kikasimama.

"Nimefyeka hapa mara ngapi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikawa naona nyasi tu."

"Sasa tumeona maji," alisema Marcelina. "Mpigie."

Sia aliposikia, alitoka nje na simu. "Baba, niko na mgonjwa huku. Ukuta utaanguka?"

"Hapana, mwanangu. Umelowa chini tu, tumewahi. Nakutumia picha, halafu uniambie kama nimwite fundi."

Sia alizitazama, akasema amwite. Nehemia, yule fundi bomba wa Sia, akaja na jembe na kipande cha bomba jipya. Alichimba kufuata nyasi, akakuta kiungio kimepasuka hatua chache kutoka msingini. Alipomaliza kuunga hakufukia. Walifungua maji kwanza, Thobias akapiga magoti mbele ya mita, kichwa amekiinamisha kama alivyokuwa akiinamia pampu za meli. Kigurudumu hakikutikisika. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Marcelina hakumharakisha.

Ukuta waliuacha ukauke wenyewe, madirisha yakifunguliwa mara nyingi zaidi, kabati likiwa mbali. Rangi walipaka wiki kadhaa baadaye. Mvua zilipokaribia, Thobias aliazima ngazi akatoa majani kwenye mifereji ya bati. Safari hii alimwita mkewe aje atazame naye, asije akaona majani tu.

Sia alirudi mwezi wa kumi na moja, na hakurudi peke yake. Mama yake alishuka kwenye bajaji akishikilia fimbo, akaingia polepole kwenye chumba cha wageni ambako shuka zilikuwa zimetandikwa asubuhi ile.

"Nyumba haina hata harufu ya kufungwa," Sia alimwambia Marcelina. "Mama, ufunguo mmoja baki nao. Hata nikiwa zamu, nitakuwa na amani."

Marcelina alikwenda jikoni kubandika chai. Kupitia mlangoni alimsikia mumewe akimweleza yule mama jinsi injini ya meli inavyoamshwa ikiwa baridi, hatua kwa hatua, na mama wa Rombo, ambaye hakuwahi kupanda meli, akiuliza, "Halafu?"