Jedwali la Mwalimu Yoramu

Mwalimu Yoramu alisomea Jiografia, na kwa mvua na mawe alikuwa hana mpinzani. Historia alibandikwa tu. Mwalimu wa Historia alipohamishwa katika shule yetu ya kata, huku upande wa Mvumi, mkuu wa shule alitazama huku na huko, akamwona Yoramu amekaa, akamkabidhi kidato cha pili. Mimi, Shamila, nafundisha Hisabati na meza yetu ni moja. Niliyoyaona ndiyo haya.

Mtu huyu anapenda majedwali. Zilipobaki wiki tatu kufika mtihani wa moko, yaani wa majaribio, wa wilaya, alichukua insha ndefu aliyoiacha mwenzake, ya Wajerumani na upinzani wa wenyeji, akasema watoto hawawezi kudurusu kurasa tisa za maelezo. Atazigeuza ziwe jedwali moja: mwaka, tukio, wahusika, matokeo. Wazo zuri sana. Nilimshikia karatasi ya manila akipiga mistari.

Kazi yenyewe inataka utulivu, maana mwandishi wa insha hasimulii kwa kufuata kalenda. Anaweza kuanza na mwisho, kisha akarudi nyuma. Aya moja ilisema hivi: Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikufa Julai 1898. Kabla ya hapo alikuwa amewashinda Wajerumani kule Lugalo, Agosti 1891. Miaka mitatu baadaye ngome yake ya Kalenga ikatekwa.

Yoramu alikuwa na sheria yake, na aliitangaza kwa madaha: mwaka wa sentensi ya kwanza ndio unaobeba aya nzima, mingine yote hesabu kutoka hapo. Akachukua 1898, akajumlisha tatu. Katika jedwali, Kalenga ikaanguka 1901.

Mchana ule nilikuwa mlangoni kwake, nimefuata rula yangu. Hana, binti mpole wa dawati la nyuma, alinyoosha mkono.

"Samahani Mwalimu. Kama Mkwawa alishakufa, hiyo ngome Wajerumani walimnyang'anya nani?"

Swali la mtoto mwenye akili. Yoramu alitazama manila, nami nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Alijua hajui. Badala ya kuirudia aya, akamgeukia.

"Wahehe wote walikufa siku moja na chifu wao? Haya, aliyesomea ualimu hapa ni nani, mimi au wewe? Njoo usimame hapa utufundishe!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka. Nasema nilicheka, na hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Hana aliketi, akafuta alichokuwa ameandika kwenye daftari, akanakili 1901.

Moko ulisahihishwa na walimu wa shule nyingine. Karatasi ziliporudi, swali la kupanga matukio kwa mfuatano lilikuwa limechinjwa kwa wino mwekundu kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya hamsini na mbili: Lugalo, kifo cha Mkwawa, kisha Kalenga. Wote! Msahihishaji aliandika kwa upole kabisa, "Mwalimu wa somo, tafadhali pitia chanzo chako."

Yoramu aliitoa insha kwenye droo, akaweka kidole kwenye 1891, akahesabu mitatu mbele. 1894. Miaka minne kabla ya kifo. Aliniangalia, macho mekundu.

"Madam, yule binti alikuwa sahihi."

"Ulimfokea," nilimwambia. "Na mimi nikakuchekea."

Akaitafuta karatasi ya Hana, nadhani akitumaini walau mmoja amenusurika. Naye alikuwa amekosa kama wenzake. Akaagiza aitwe. Hana alikuja, akatuamkia shikamoo, akasimama mikono nyuma.

"Hana, wewe ulijua. Kwa nini umeandika hivi?"

"Nilidhani utasahihisha wewe, Mwalimu."

Yoramu aliinamisha kichwa juu ya meza yetu, nikajifanya natafuta chaki. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibika kiasi kile, na aibu nusu ilikuwa yangu.

Kesho yake alibandika manila mpya, tupu, yenye mistari tu. Mbele ya darasa zima alisema, "Mimi ndiye niliyekosea, na nilimwonea Hana. Namwomba radhi." Nami nilisimama pembeni nikaomba ya kwangu. Hakuna aliyecheka. Kisha akamnyooshea Hana kalamu ya wino mzito. "Njoo mwanangu, panga wewe, sisi tutakufuata."

Hana hakuinuka. Alilifungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akashika kalamu yake tayari.

"Andika tu, Mwalimu," alisema kwa adabu. "Sisi tutanakili."