Vidole Vinne Chini ya Ukuta wa Mama

Mjomba wangu aliupiga plasta ule ufa mara mbili, na mara mbili ukarudi. Ulianzia pembe ya dirisha la chumba cha mama, ukapanda mshazari hadi darini, mpana juu kuliko chini. Mlango nao ukaanza kugoma. Mjomba alisema ni joto la Garissa tu, mbao zimevimba. Mimi nimekulia kwenye joto hilo na sijawahi kuliona likipasua ukuta.

Nilibandika bonge la saruji juu ya ufa, nikaliacha likauke. Baada ya wiki chache lilikuwa limekatika katikati. Hapo nikajua nyumba bado inazama, na nikaita injinia.

Sikumwamini. Alikuja na viatu visivyo na vumbi, na mtu wa aina hiyo mjini kwetu huwa anauza kitu. Nilimfuata kila alipokwenda. Alichimbisha shimo moja kwenye pembe ya nyumba, akashuka mwenyewe, akaufinya udongo mkononi. Msingi ulikuwa haufiki magotini, na chini yake kulikuwa na udongo wa kujazia, ambao mafuriko ya mto yalikuwa yameulainisha. Udongo mgumu ulikuwa chini zaidi, usawa wa kiuno.

Mjomba, aliyeijenga nyumba hiyo, alisimama pembeni na mikono nyuma.

"Mimi tachimba hii ukuta yote leo," alisema. "Kesho namwaga zege. Kwisha."

"Ukichimba yote kwa pamoja, ukuta utakaa juu ya nini?" injinia akauliza. "Ufa tu ungekuwa wa fundi. Lakini nyumba bado inatembea, na mnakwenda kuchimba chini ya msingi. Hapo fundi hafanyi peke yake."

Akaugawa ukuta kwa chaki, vipande vya kama mita moja, akavipa namba ili viwili vinavyopakana visichimbwe pamoja. Kila shimo lifike udongo mgumu, alisema, limwagwe zege, lakini zege liishie vidole vinne chini ya msingi wa zamani. Likishakauka na kunywea, ile nafasi ishindiliwe saruji na mchanga yenye unyevu kidogo tu, igongwe kwa nyundo mpaka nyuma kabisa. Hakuna shimo la kufukiwa kabla hajaliona. Na mama ahame chumba kile.

Mama alihama akilalamika. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, kwenye njia ya kila mgeni, na kila asubuhi aliuliza atarudi lini. Kazi tulimpa mjomba. Abti ni abti. Ndugu wa mama hasimamiwi kama kibarua, na mtu wetu ni mtu wetu. Macho yangu yote niliyaelekeza kwa injinia. Nilijiuliza ananunua wapi zege, anakula na nani.

Kipande cha kwanza injinia alikikagua, akaridhika. Siku ya kushindilia cha pili alichelewa. Nilitoka na chai nikamkuta mjomba amemaliza, ameshika koleo, anataka kufukia. Karai la mchanganyiko bado lilikuwa limejaa karibu lote. Nililiangalia karai, nikaiangalia ile nafasi. Ukuta ule ni mnene. Ungemeza karai zima na kuomba jingine.

"Abti, usifukie bado."

"Unanichunga mimi?"

Nilishuka shimoni na kipande cha waya. Saruji ilikuwa bado mbichi. Waya ulipita unene wa vidole viwili, kisha ukaingia wenyewe, bila kugusa kitu, hadi ngumi yangu ikagusa saruji. Mbele palikuwa pamezibwa vizuri, pamelainishwa kwa mwiko. Nyuma palikuwa patupu. Nilipata hasira hadi meno yakaniuma, na bado sikuweza kumwambia mjomba wangu kwamba ametudanganya.

"Ni ngumu," alisema. "Wallahi, hiyo ni ngumu kama jiwe. Waya yako ndiyo mbaya."

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Aliuangalia ule waya uliozama, akamwangalia ndugu yake, kisha akaniambia kwa Kisomali, kwa upole kabisa:

"Rudisheni kitanda changu chumbani."

"Hooyo, bado."

"Si amesema ni ngumu? Kirudisheni, kiwekeni ukutani pale pale. Leo atakilalia yeye."

Mjomba aliinua macho akautazama ukuta, kuanzia chini hadi darini, kule ufa ulikokuwa mpana. Hakuapa tena. Alivua saa yake, akanipa niishike, akashuka shimoni, akaanza kuikwangua ile saruji kwa vidole.