Vijiko Viwili vya Kahawa ya Kopo

Kahawa ya kopo niliijua kwa aibu kwanza. Nilikuwa mpishi katika nyumba ya bwana mmoja wa serikali pale Wete. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, na memsahibu wake alikuwa amefika kutoka kwao na masanduku matatu. Katika sanduku moja mlikuwa na makopo ya unga wa kahawia. Akaniambia ni kahawa, niitie katika keki ya mayai manne, inukie vizuri. Kiasi gani, hakusema, nami sikuuliza. Mpishi wa miaka kumi na miwili niulize habari za kahawa? Sisi watu wa Pemba tumezaliwa tukaikuta!

Basi nikaifanya kama tunavyoifanya buni. Nilitia vijiko vinne vya kulia, vimejaa, ndani ya birika dogo, nikatia na tangawizi, nikaichemsha. Ikapanda, nikaitua, ikapanda tena, mara tatu. Kisha nikakaa kungoja mashapo yatue. Mashapo gani? Unga ule unayeyuka wote, hauachi kitu chini. Mimi nikadhani haijaiva, nikairudisha motoni. Mwisho nikamimina kikombe kizima, bado cha moto, juu ya siagi na sukari niliyokuwa nimeipiga mpaka imekuwa nyeupe. Siagi ikayeyuka palepale, rojo likawa kama uji wa mgonjwa. Keki ilitoka jikoni imebonyea katikati, chini mbichi, na uchungu wake, wallahi, kwinini ina nafuu.

Memsahibu alionja kipande akakitema katika kitambaa.

"Wewe Mpemba jua karafuu tu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Jumapili ya pili wageni kuja. Keki haribika tena, mimi leta mpishi wa Unguja."

Akayafungia makopo kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

Mpishi wa Unguja! Kufukuzwa ningekumeza, riziki anayo Mungu, ingawa nilikuwa na mama mzee na watoto watatu wanaokula kwa mkono wangu. Lakini kufukuzwa kisha akaja mtu akavaa kanzu yangu nyeupe, akawaambia watu sokoni kwamba Mpemba hajui kahawa? La, hilo halikumezeka. Nilikula kiapo kwamba siondoki katika jiko lile kwa sababu ya keki mbovu.

Hewa yetu ikanisaidia. Ilikuwa masika, na kopo moja lililokuwa limefunguliwa lilinyonya unyevu, unga ukagandamana ukawa jiwe. Memsahibu akaona limeoza, akataka kulitupa. Nikamwambia nalitaka mimi. Akacheka, akasema chukua.

Nililipeleka nyumbani. Mke wangu akalivunja lile jiwe, akalitwanga katika kinu kidogo mpaka likarudi unga, kisha akaugusa kwa ncha ya ulimi na kukunja uso.

"Mume wangu, chumvi huitia kwa kikombe?"

"Kwa vidole."

"Sasa hii mbona uliimwaga kama unawanywesha watu wa maulidi? Hii imekwisha kupikwa huko ilikotoka. Hii ni kiungo."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Tukaanza kupima alasiri ileile, yai moja moja, kikeki kidogo katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Robo ya kijiko cha chai: harufu hakuna. Kijiko kizima: mama yangu akauliza kama tunataka kumwua. Nusu kijiko, ukakiyeyusha kwa matone ya maji ya moto ukakiacha kipoe kabisa kabla hakijagusa siagi: hapo mama akaomba kipande cha pili. Nusu kwa yai moja, maana yake vijiko viwili kwa mayai manne, na maji yasizidi kijiko kimoja cha kulia.

Mke wangu hakutosheka. Akataka kujua unga ule unafaa wapi pengine. Katika vikombe viwili vya maziwa ya kastadi tulitia kijiko kimoja cha chai, tukapata kitu cha kulambia bakuli. Katika mchuzi mzito wa nyama alitia nusu kijiko tu, sufuria nzima. Mchuzi ukaiva rangi, ukanona, wala hakuna aliyejua kuna kahawa ndani. Alipoongeza nusu nyingine ukawa kama umeungua, naye akaula mwenyewe kwa ukaidi.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimeshapiga siagi na sukari, mayai yameingia moja moja, memsahibu akaja jikoni ameshika kikombe cha kahawa, kinafuka moshi.

"Tia hii yote," akasema.

Nikaliziba bakuli kwa kiganja changu.

"Hapana, memsahibu."

Sijui kama alikuwa amewahi kuambiwa hapana na mtu aliyevaa aproni. Alinitazama mpaka masikio yangu yakawaka.

"Hicho ni maji mengi na ni cha moto, keki italala. Nipe unga, vijiko viwili vya chai. Ikiharibika, mimi mwenyewe nitakwenda gatini kumpokea huyo mtu wa Unguja, nimbebee na mzigo wake."

Akafungua kabati. Alinipimia viwili, vya kufutwa juu kwa kisu, kwa hasira, ili anione nikianguka vizuri. Nikayeyusha, nikapooza, nikachanganya, nikautia unga wa ngano taratibu. Keki ikapanda ikajaa chombo chake. Juu niliipaka siagi na sukari laini, na kijiko cha mwisho cha kahawa ya lile kopo langu la nyumbani, kilichoyeyushwa kwa matone, rangi ya mbao mpya ya mvule.

Wageni walikuwa watatu. Mmoja, mama wa kizungu mtu mzima kutoka Chake Chake, alikula vipande viwili, kisha akauliza nani kaipika. Kiingereza chao nilikuwa nakisikia zaidi ya walivyodhani. Memsahibu akajibu kwamba kaipika yeye mwenyewe.

Yule mama akauliza tena: kahawa alitia kiasi gani?

"Kikombe kimoja," akasema memsahibu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Ningenyamaza, kazi ingebaki kwangu, na mpishi wa Unguja angebaki hukohuko kwao. Nililijua hilo vizuri. Lakini kikeki kimoja kimoja kilinipita machoni, na mke wangu akiula ule mchuzi mchungu.

"Vijiko viwili vya chai," nikasema kwa Kiingereza changu kilichovunjika. "Maji kijiko kimoja, yapoe kwanza. Kikombe haribu keki. Mimi pika hii, mimi na mke wangu tulipima."

Bwana akakohoa. Yule mama akanitazama, akatoa kijitabu mkobani akaandika. Memsahibu alingoja wageni waondoke, akaniambia niende, nisirudi.

Nikamwambia nitakwenda nikimaliza kuosha vyombo, maana mimi simwachii mtu mwingine jiko chafu. Nikaviosha vyote, nikavikausha, nikakunja aproni nikaiweka juu ya meza.

Nyumbani mke wangu alikuwa akichambua mchele barazani. Akanisoma uso kabla sijavua viatu.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Na keki?"

"Hawakubakisha hata chembe."

Akapepeta mchele mara moja, mara mbili, akaniambia niingie ndani nimwambie mama, nianzie na keki.