Nafasi Moja Baada ya Namba

Nilipoajiriwa idara ya kumbukumbu katika zahanati moja ya Likoni, nilipewa kompyuta, kiti kilichopasuka ngozi, na dirisha dogo la nondo ambako wagonjwa wa kifua kikuu walikuja kuulizia majibu yao. Mimi si daktari. Kazi yangu ilikuwa orodha.

Orodha zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza niliitoa kwenye mfumo wetu: majina ya wagonjwa na namba za sampuli zao. Ya pili niliipakua kutoka mfumo wa maabara kubwa ng'ambo ya kivuko, ambako makohozi yalipelekwa kupimwa kama vijidudu vinasikia dawa za kawaida au vimekuwa sugu. Kila Jumatatu niliziweka katika faili moja la Excel, kila moja ukurasa wake. Fomula ilichukua namba ya mgonjwa wetu ikaitafuta kwenye orodha ya maabara. Ikiipata, iliandika majibu. Isipoipata, iliandika neno ambalo nililichagua mimi mwenyewe: "Bado."

Nilijiona hodari. Nilijua kuwa namba zinazotoka mfumo mwingine huja na nafasi tupu mbele au nyuma, na kwamba nafasi moja tu yatosha kuifanya kompyuta iseme hizi namba mbili hazifanani. Kwa hiyo nilizipitisha zote kwenye TRIM, fomula ya kupunguza nafasi, kabla ya kuzilinganisha. Baada ya hapo sikuwa na shaka na chochote.

Miongoni mwa waliokuja dirishani alikuwa mwalimu wa chuo, mama wa makamo aliyesomesha watoto Kurani kwa miaka mingi. Alikuwa ameshaanza dawa za kawaida. Daktari alimwambia kwamba kwa kawaida, baada ya muda mfupi wa dawa, mtu haambukizi tena, lakini yeye alikataa kurudi chuoni hadi majibu ya maabara yatoke. Alijifungia chumba cha uani, na dada yake akimpelekea chakula.

Siku ya kwanza nilimwita "madam", maana mimi mtu wa bara na ndivyo nilivyozoea. Akanitazama juu ya barakoa yake.

"Huamkii, mwanangu?"

"Shikamoo, bi mwalimu."

"Marahaba. Sasa niangalilie majibu yangu."

Nikaangalia. "Hayajaja."

"Haya. Inshallah yatakuja."

Alikuja kila Jumatano. Majibu ya maabara ile huchukua wiki nyingi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, si mimi wala daktari. Wiki ya tano alishika nondo za dirisha ili asimame. Wiki ya saba alikuja na dada yake, na dada ndiye aliyeuliza, kwa sababu mwalimu alikuwa hapati pumzi ya kusema. Nikatazama skrini. Nikasema neno lilelile.

Wiki ya nane dada alikuja peke yake. "Akohoa damu," alisema. "Daktari ameandika aende hospitali kuu, na huko wataka karatasi ya majibu. Hebu angalia vizuri, baba. Wallahi, angalia."

Kwa mara ya kwanza sikuitazama orodha yangu. Nilifungua faili la maabara kama lilivyokuja, nikaandika namba yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikatokea palepale. Majibu yalikuwa yametoka wiki tano nyuma. Sugu.

Nilichapisha karatasi ile nikampa, kisha nikakimbia kumwita daktari, naye akapiga simu hospitali mbele yangu. Niliporudi mezani nilikaa nikizitazama zile namba mbili. Herufi mbili na tarakimu saba, huku na kule. Hakukuwa na tofauti ambayo jicho lingeiona. Nikaiuliza kompyuta namba yetu ina urefu gani. Tisa. Ya maabara, ikiwa imeshapita kwenye TRIM? Kumi.

Nikaiuliza ile ya kumi ni nini. Kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake ya siri, na nafasi ya kawaida, ile unayoibonyeza kwa kidole gumba, ni 32. Hii ilinijibu 160. Ni nafasi ya aina nyingine, inayotumika kwenye kurasa za mtandao kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Kwa macho ni pengo lilelile. TRIM haiigusi, yenyewe inaijua 32 tu. Kisanduku cha kutafutia kiliipata namba kwa kuwa hakijali kilichobandikwa nyuma yake. Fomula yangu ilitaka zifanane kabisa, na hazikufanana. Mtu fulani huko maabara alinakili namba kutoka ukurasa wa mtandao, akazibandika kwenye mfumo wao, na pengo likaja nazo.

Niliiamuru kompyuta ifute kila 160. "Bado" tisa zikageuka kuwa majibu mbele ya macho yangu. Watu wanane wengine. Nikadhani nimemaliza, kisha nikaamua kupima urefu wa zote. Mbili bado zilizidi tisa, ingawa mwisho wake ulikuwa tarakimu halali. Nikazipasua herufi moja moja. Katikati, kati ya tarakimu ya nne na ya tano, kulikuwa na herufi 8203, nafasi isiyo na upana hata kidogo. Hata kisanduku cha kutafutia kisingeziona hizo. Majibu ya mmoja wa wagonjwa hao wawili yalikuwa sugu pia.

Mwalimu alifariki hospitalini siku ya tatu, akazikwa siku hiyohiyo. Daktari aliniambia huenda hata wiki tano nyuma asingepona. Alilisema kwa upole, na sikujua nilifanyie nini neno "huenda". Ripoti iliyopelekwa juu iliandika "hitilafu ya mfumo". Hakuna aliyeniuliza ni nani aliyeamua kwamba namba isiyopatikana na majibu yasiyotoka viandikwe kwa neno moja.

Baada ya arubaini nilikwenda kwao. Dada yake alinikaribisha barazani. Nilimweleza, na kwa kuwa sikueleweka, nikaiandika ile namba kwenye karatasi.

"Hapa, mwisho, kulikuwa na kitu."

Akaisogeza karatasi karibu na uso. "Sioni kitu."

"Hata mimi sikukiona."

"Lakini yeye ulimwona," alisema. Hakupandisha sauti. "Kila Jumatano alisimama mbele yako. Ulimwona akiisha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa msamaha. Alinirudishia karatasi, akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Nikanywa. Alipokuwa akinimiminia alikohoa, akageuza uso, akakohoa tena.

"Umeanza lini?" nikauliza.

"Tangu matanga."

Kesho yake alitoa sampuli. Sikungoja Jumatatu, kila asubuhi nilifungua faili la maabara na kuisoma mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Majibu yake yalitoka sugu. Nilimpelekea daktari karatasi mkononi mwake.

Sasa yule dada huja zahanati kila siku kumeza vidonge mbele ya muuguzi, amekonda, na vidonge vinamtapisha. Akipita mlangoni kwangu namwamkia, naye huitikia. Zaidi ya hapo hatujazungumza.