Sentensi Moja Chini ya Klipu

Dereva wa lori la Kigali aliinua kijiko mbele ya simu yake. "Supu ya hapa Lusahunga ni ya juzi. Imechacha, inatoa povu. Wenzangu, pitilizeni." Klipu ikazunguka makundi yote ya madereva. Kufikia siku ya pili malori yalipita mlangoni kwetu bila kupunguza mwendo, na vumbi lao likatua juu ya chapati ambazo hatukuwa na wa kumuuzia.

Hoteli ilikuwa ya shangazi yangu. Mimi nilitoka mjini na miswada yangu, nikila kwake bure.

"Wewe si mwandishi?" akaniambia. "Basi andika, tusife njaa."

Tuliulizana jikoni kwanza. Mpishi, mama wa Kirundi aliyefika hapa akiwa mkimbizi, hakuzunguka. "Nilisema supu ya jana isiunganishwe na ya leo. Nilisema mara tatu."

Shangazi akatazama sufuria. Amri ya kuunganisha ilikuwa yake, na sote watatu tulijua.

Niliandika kwa furaha, naona haya kukiri. Niliomba radhi bila kubishana, nikamshukuru dereva, nikaeleza kilichobadilika: supu inapikwa upya kila alfajiri, inayobaki inamwagwa, mabeseni ya kunawia yana sabuni. Nikaacha namba ya shangazi kwa malalamiko. Kisha nikasoma tena, nikaona inapwaya, haina damu. Nikaongeza: "Mpishi aliyehusika ameondolewa kazini."

Mpishi mwenyewe alikuwa nyuma yangu, anachambua mchele.

Nikayabandika yote chini ya klipu, maoni yakamiminika. "Hapo sawa." "Hatua imechukuliwa, safi." Dereva mwenyewe akaandika: "Ijumaa nashuka, lakini nisimkute huyo mama."

Shangazi akayasoma yote, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umesema ameondoka. Sasa akionekana jikoni?"

"Nitaifuta hiyo sentensi."

"Ukiifuta watasema tumeanza uongo. Mwite."

Nilimwita. Shangazi alijifanya anapanga vikombe, kwa hiyo niliongea mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia wateja wanarudi."

"Ndiyo."

"Nisomee ulivyoandika."

Nikasoma taratibu, sauti yangu ikizunguka vizuri kwenye kila neno, hadi mwisho. Akajipangusa mikono, bado ina vumbi la pumba.

"Ni maandishi mazuri, mwanangu," akasema. "Sasa andika na aliyeniamuru nichanganye."

Shangazi aliweka kikombe mezani. Simu ilikuwa mkononi mwangu, imewaka, nafasi ya kuandika iko wazi.

"Ee, bingwa wa maneno," akasema mpishi, "yameisha?"

Alivua aproni, akaikunja mara nne, akanikabidhi mimi badala ya shangazi. Ijumaa dereva alishuka na wenzake sita. Niliwapelekea supu, safi, ya moto, iliyopikwa kama yule mama alivyotaka siku zote, nimevaa aproni yake.