Waya wa Kipimo Ulipokatika

Kinyaa cha siku ile mtaani Mbaraki bado hunipanda kooni. Sisi wahandisi tulikuwa tukijaribu pampu mpya za maji taka, na maelezo ya uendeshaji yalisema tu, "Tangi likijaa, pampu ziwake." Hayakusema zifanye nini kipimo cha kina cha tangi kikiharibika, basi mwandishi wa programu ya kuziendesha akakisia. Waya wa kipimo ulipokatika, mtambo ulisoma sifuri, ukadhani tangi ni tupu, ukazima pampu zote. Uchafu ukafurika hadi kwenye sinia za mama aliyekuwa akiuza mahamri barazani kwake, jirani na tangi.

"Wanangu, hii ndiyo kazi mliyosomea?" akauliza, ameziba pua kwa leso.

Akayamwaga mahamri yote. Nikaandika kwenye maelezo, mikono ikinuka: "Kipimo kikikosa ishara, king'ora kilie, boya la akiba linaloelea tangini liendeshe pampu." Kisha tukamwoshea baraza.