Saki za Bukwashi kwenye Ofisi ya Mradi

Mama Élisa Mbayo alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Alielewa mbuzi, alielewa wachuuzi, alielewa hata padri akikasirika kwa Kifaransa. Kitu kimoja tu kilimshinda: bajeti.

Alikaa kijiji cha nje ya Kamina, upande wa pili wa reli, na kila mwaka wake ulifanana na uliopita kama mayai ya kuku mmoja. Mahindi hukomaa huku mvua za mwisho zikiendelea kutukana. Yeye huyaanika chini, kwenye udongo, mbele ya kuku wa jirani wanaojiona wamealikwa. Kisha huyauza mbio kwa wachuuzi, kwa bei ya huruma, kabla hayajaoza au fukusi hawajayatoboa. Mwezi wa kwanza ukifika, anakwenda sokoni kutafuta unga wa bukari, ugali wa kila siku, na kukuta mahindi kama yake yamepanda bei mpaka hayamsalimii.

Kwa hiyo Jérémy Kayembe, kijana wa shirika dogo la mjini, mtoto wa mwalimu wa Kimethodisti, alipokuja kusema anaandika mradi wa kufundisha wakulima kukausha, kupukuchua na kuhifadhi mavuno, Élisa alipiga vigelegele kabla sentensi haijafika mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa présidente wa Bukwashi, chama cha wamama wa kijiji.

"Mufadhili anauliza," Jérémy alisema, kompyuta mapajani, "nyinyi mutachanga nini? Haombe makuta, feza hapana. Kitu muko nacho."

"Siye tuko na mahindi tu," Élisa akajibu.

"Voilà! Mahindi ya kufundishia. Tuandike saki kumi."

Akaandika, akafunga kompyuta, akapanda pikipiki, akaenda zake. Hakusema kwamba mahindi yenyewe, magunia yote kumi, yatabaki nyumbani kwa wenyewe mpaka siku ya mafunzo, na kwamba kinachoingia kwenye bajeti ni thamani yake tu. Kwake hilo lilikuwa wazi kama jua. Ndiyo shida ya watu waliosoma, jua lao huwaka ndani ya kichwa chao tu.

Kisha simu ikalia. Madame Léa, anayepima miradi kwa mfadhili, alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi kuuliza maswali juu ya bajeti. "Présidente, na weye ukuje," Jérémy alimwambia. "Atapenda kukuona."

Élisa akawaita wamama. Swali lilikuwa moja: twende na saki au tusiende nazo?

"Kwa mulopwe, kwa mufalme, haiendake mikono tupu," alisema Phébé, rafiki yake, mwanamke mwenye mdomo usiolala. "Na huyu mufadhili njo mulopwe, tofauti tu hatuyamuona sura."

"Lakini mahindi haiyakauka."

"Éé, utamwambia mulopwe angojee jua?"

Basi wakavuna mbio, wakapukuchua mabichi hivyo hivyo mpaka vidole gumba vikaomba talaka, wakashindilia kwenye saki na kuzifunga. Zikalala kucha zimebanana. Asubuhi wakazipakia kwenye baiskeli, wakasukuma kwenye matope mpaka mjini.

Élisa alitangulia kuingia ofisini. Madame Léa alikuwa na karatasi mbele yake na miwani kwenye ncha ya pua, Jérémy akitoka jasho kama chupa ya bia baridi.

"Hapa umeandika mifuko yenye haipitishe hewa, ya kuua fukusi bila dawa," Madame alisema. "Sawa, nimeelewa. Lakini hapa uko unaomba tena bâche, ni kusema turubai, na justification yake iko maneno mawili tu: 'kwa kukausha.' Kama mufuko unalinda mahindi, bâche ya nini? Hii miye nitaikata."

Ndipo baiskeli ya kwanza ikaegemea mlango, na ya pili nyuma yake.

"Hii bintu ni nini?" Madame akauliza.

"Njo muchango yetu, Madame," Élisa akasema, akapiga goti kidogo.

Alingoja tabasamu. Badala yake Madame aliweka kalamu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Jérémy. Unalipishaka bakulima juu ya kuingia mu projet?"

"Hapana, Madame! Jamais!"

"Mama, nani alisema mulete?"

Élisa akamtazama Jérémy, akamtazama Madame. Alijua jibu, ila hakujua ni jibu la swali gani. "Yeye aliandika, siye tukaleta," alisema. "Kwani... iko kidogo?"

Jérémy alifumba macho.

"Mufadhili anakataza mutu kuchukua kitu kwa bakulima," Madame alisema, akifunga faili. "Kama njo vile, dossier inaishia hapa."

Inaishia hapa. Hayo Élisa aliyaelewa vizuri: mwaka mwingine wa kuku, wa fukusi, wa unga usiomsalimia. Alichokosa ni sababu. Tangu lini mtu akaharibu jambo kwa kuleta?

"Élisa wee!" Phébé alipiga kelele uani. "Kuya! Saki inawaka moto!"

Élisa akatoka mbio, akafungua saki, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia, na harufu chachu kama ya pombe ya jana. Akamsahau Madame, akasahau adabu. "Mahindi yetu inaoza! Weye Jérémy, usisimame vile kama musalaba! Tafuta kitu ya kuanikia!"

Ua wote ulikuwa matope. Jérémy akavuta turubai lililofunika saruji ya shirika, wakaligeuza upande safi, wakamwaga. Likatosha saki tatu. Zingine wamama walivua vitenge vya juu, wakatandaza barazani.

Madame Léa alikuwa amesimama mlangoni. Akashuka, akatia mkono kwenye saki, akautoa haraka.

"Mulipukuchua lini?"

"Jana, Madame."

"Bila kukausha?"

"Tukaushe wapi? Chini kote iko maji."

Madame akamgeukia Jérémy. "Na hii ukiitia mu ile mifuko yako ya bila hewa?"

"Itaoza tu, Madame. Ile mufuko haikaushake. Inalindaka kitu yenye ilishakauka."

"Sasa mbona hukuandika vile?"

"Nilizania inajulikana."

"Kwako kila kitu inajulikana, njo sababu bamama balileta saki," Madame akasema. "Leta kompyuta."

Waliandika upya pale barazani, wakiruka vitenge. Bâche ngapi kwa wamama wangapi, bei kutoka kwa wauzaji gani, kwa nini kukausha kunatangulia mfuko. Saki kumi zikafutwa kwenye mchango. Mahali pake wakaweka siku za kazi ambazo wamama watajenga vichanja vya kuanikia, kwa bei ya kibarua cha kijijini. Élisa akapewa karatasi ya kusaini kwamba hakuna mkulima aliyelipa kitu, na kwamba mahindi haya yanarudi nyumbani.

Kalamu ikabaki hewani.

"Madame, usinichoke. Mahindi tulileta, munakatala. Kazi hatuyafanya, munapokea?"

"Njo vile, Mama."

"Mm," Élisa akasema, akasaini.

Madame alipanda gari na faili lake kwapani, bâche zikiwa bado zimeandikwa ndani yake, kulipeleka kwa kamati inayoamua. Phébé alikuwa anageuza mahindi kwa mguu.

"Tumepewa?"

"Bado."

"Basi balitunyima?"

"Hapana."

"Sasa siye tuko wapi?"

Élisa aliinua kitenge chake upande mmoja, mahindi yakateleza upande wa pili, akafikiri sana.

"Tuko mu bajeti," akasema.